Mwanga Kwanza, Ndimi za Moto Baadaye

Ukitaka kujua kama moto uliomo kwenye picha ya usiku umepachikwa, usiutazame moto wenyewe. Tazama nyuso. Miali iliyopigwa vizuri inaweza kuhamishwa kutoka picha moja kwenda nyingine na ikaonekana halisi, kwa sababu ni halisi. Kinachoiumbua kazi ni watu walioizunguka. Mashavu yao yana mwanga mweupe wa tochi, vivuli vyao vimeangukia nyuma, na nyasi zilizo hatua moja kutoka kwenye kuni zina giza lilelile la nyasi za mbali. Moto unawaka, lakini hakuna anayeuota.

Maombi ya kazi hii huletwa sana studio baada ya likizo na safari za vikundi. Nitaeleza picha moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana hatua zake hazitofautiani sana na za picha nyingine yoyote ya namna hii. Walioileta ni vijana wanane waliokwenda kupiga kambi Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Mvua ilinyesha jioni, kuni zikalowa, moto ukakataa. Wakakaa hivyohivyo, nusu duara kuzunguka rundo la kuni na mawe, wakapiga picha. Simu ilikuwa kwenye stendi ya miguu mitatu, kimo cha mita moja na nusu, umbali wa mita tano kutoka kwenye kuni. Mwanga pekee ulikuwa wa tochi ya simu ya pili iliyoshikwa kushoto kwa kamera. Kijana mmoja amevaa fulana nyeupe, mwingine jezi ya buluu, dada mmoja amejifunika khanga mabegani, mwenzake ana miwani, na kijana mmoja ameipa kamera mgongo. Walichotaka ni kuuona ukiwaka ule moto uliokataa.

Mimi hutumia GIMP, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwenye Photoshop atapita njia hiyohiyo. Maneno mawili tu ndiyo ya lazima. Leya ni tabaka moja la picha linalolala juu ya jingine. Maski ni ramani ya nyeusi na nyeupe inayoiambia leya ionekane wapi na ijifiche wapi: ukipaka nyeupe, leya inaonekana hapo, ukipaka nyeusi, inajificha.

Usiku kwanza

Kazi ya kwanza haihusu moto kabisa. Ni kuuondoa mwanga wa tochi, au angalau kuupunguza hadi uwe kama mwanga hafifu wa anga. Mianga miwili yenye nguvu sawa kwenye uso mmoja hugombana: tochi inasema chanzo kiko mbele kushoto, moto unasema kiko chini katikati. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu picha atahisi tu kwamba kuna kitu hakikai sawa, ingawa hataweza kukitaja.

Picha ya asili naiweka kando bila kuigusa, kwa sababu nitaihitaji. Nafanya nakala, na kwenye nakala hiyo nafungua `Colors > Curves` nikaushusha mstari. Kwenye skrini 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe pe. Mashavu ya vijana wale yalikuwa karibu na 90; nikayashusha hadi 35 hivi, yaani uso bado unatambulika lakini huwezi kusema ni nani anayetabasamu. Kisha nachagua chaneli ya buluu peke yake na kuinua kidogo sehemu yake ya giza ili usiku uegemee ubuluu. Wengi, moto wao unapoonekana baridi, hukimbilia kuongeza rangi ya chungwa. Mara nyingi kilichopungua ni ubuluu wa usiku unaouzunguka. Jicho huona joto kwa kulinganisha na ubaridi wa jirani.

Vivuli vya tochi vilivyolala nyuma ya watu, kwenye nyasi na kwenye turubai la hema, vingi humezwa na giza hilo. Vinavyobaki navifunika kwa brashi laini nyeusi. Madoa ya mng'ao wa tochi kwenye mapaji ya nyuso nayo lazima yaondoke, kwa kifaa cha `Heal`, kwa sababu paji la uso ni mojawapo ya sehemu ambazo moto wa chini haupigi kwa nguvu. Ukiliacha doa hilo, litaendelea kutoa ushahidi wa tochi hadi mwisho wa kazi.

Jezi ya buluu

Njia iliyozoeleka ya kuongeza mng'ao ni kuunda leya mpya, kuweka modi ya `Overlay`, na kupaka nyuso kwa brashi ya rangi ya chungwa. Ni njia ya haraka, nami siipendekezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza inaonekana kwenye jezi ya buluu.

Mwanga haupaki kitu rangi. Mwanga hukipiga kitu, na kitu hicho hurudisha sehemu tu ya ule uliokipiga. Miali ya moto wa kuni hung'aa kwa sababu ya chembe za masizi zilizopata moto sana. Rangi ya mwanga wake, kwa kipimo cha kelvini ambacho wapiga picha hutumia, huwa karibu na 1,900. Kwenye kompyuta rangi hiyo huandikwa `ff9329`, yaani nyekundu 255, kijani 147, buluu 41. Ina nyekundu tele na buluu kiduchu. Sasa chukua ile jezi, ambayo kwenye picha ilikuwa na nyekundu 20, kijani 40 na buluu 120. Ukiizidisha kwa mwanga wa moto, kila rangi kwa sehemu yake ya 255, unapata 20, 23 na 19. Hiyo si buluu tena, ni kijivu cheusi. Ndivyo mambo yalivyo kwenye moto wa kweli: aliyevaa buluu iliyokoza huonekana amevaa nyeusi, kwa kuwa moto hauna buluu ya kumpa. Fulana nyeupe yenye 200 kwenye kila rangi inakuwa 200, 115 na 32, chungwa iliyokolea. Aliyepaka brashi moja ya chungwa juu ya wote wawili ataipata fulana vizuri, lakini jezi itakuwa ya rangi ya tope, rangi ambayo hakuna moto ungeweza kuitoa.

Kwa hiyo nairudia ile picha ya asili niliyoiweka kando. Tochi iliyopigwa kutoka mbele ina faida moja: haina vivuli vingi usoni, kwa hiyo inaonyesha rangi za ngozi na nguo jinsi zilivyo. Naipeleka nakala yake juu ya usiku nilioutengeneza, naiinua kwa `Curves` mpaka mashavu yafike karibu na 170, kisha juu yake naweka leya iliyojazwa rangi ya moto kwa modi ya `Multiply`. Naziunganisha hizo mbili kwa `Merge Down`. Leya inayopatikana ni picha ya watu walewale kana kwamba kila sehemu yao imepigwa na moto. Naipa modi ya `Addition`, ambayo kwenye Photoshop inaitwa `Linear Dodge (Add)`, na kuifunika yote kwa maski nyeusi. Hesabu yake ni hii:

```
matokeo = usiku + (asili iliyong'arishwa × rangi ya moto) × maski
```

Kuanzia hapo kazi yote ni kupaka nyeupe kwenye maski, mahali ambapo moto ungefika. Rangi zenyewe zimeshajipanga, na jezi inabaki jezi.

Kuhusu rangi ya moto, `ff9329` ni sahihi kwa vipimo, lakini kamera za simu hujirekebisha zenyewe na kupunguza uchungwa, kwa hiyo macho yetu yamezoea picha za moto zilizopoa kidogo. Nyuso za kahawia zikizidishwa kwa rangi hiyo huiva mno. Mimi huanza na `ffb46b`, ambayo ni rangi ya kelvini 3,000. Jezi inabakiwa na chembe ya ubuluu, kama ambavyo ingekuwa kwenye picha halisi ya simu. Ukishachagua, rangi iwe hiyohiyo kwa watu wote na kwa ardhi, kwa kuwa moto ni mmoja.

Nyuso zetu

Sababu ya pili ya kuiacha `Overlay` ni ngozi nyeusi, na hapa ningependa msomaji anayefanya kazi hii atulie kidogo. Kwa jinsi modi hiyo ilivyoundwa, sehemu ya giza haiwezi kuongezeka zaidi ya mara mbili. Shavu lenye 35 haliwezi kuvuka 70 hata upake chungwa la namna gani, ilhali shavu jeupe lenye 180 hufika 255 mara moja. Mafunzo mengi ya video yamefanywa kwa picha za watu weupe, kwa hiyo njia hiyo huonekana inafanya kazi. Ukiileta kwenye picha ya vijana wa Lushoto unapata fulana inayowaka na nyuso zilizobaki gizani. Mhariri akiona hivyo huongeza nguvu ya brashi, nyuso zinageuka rangi ya matofali, na wenye picha wanalalamika kwamba hawajifahamu.

Ngozi nyeusi iliyopigwa na mwanga wa moto haing'ai kwa kutandaza. Inang'aa kwa mistari na madoa: kwenye ukingo wa shavu, kwenye mdomo wa chini, kwenye ncha ya pua, chini ya taya, juu ya kope. Sehemu pana ya uso hurudisha mwanga kidogo, lakini unyevu na mafuta ya juu ya ngozi hurudisha mwingi kama ngozi yoyote ile. Kwa hiyo napaka kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni kwenye maski, kwa brashi pana na laini yenye nguvu ya asilimia 15 hadi 20, nikiupa uso umbo kwa jumla: mashavu kwa upande unaotazama moto, sehemu ya chini ya pua, kidevu, shingo ya mbele. Awamu ya pili iko kwenye leya yake yenyewe, ya modi ya `Screen`. Hapa naweka rangi ya moto moja kwa moja, kwa brashi ndogo, kwenye yale madoa ya mng'ao, kisha nayalainisha kidogo kwa `Gaussian Blur`. Sababu ya kuitenga ni kwamba mng'ao wa juu ya ngozi hauchukui rangi ya ngozi. Una rangi ya moto wenyewe. Awamu hii ndogo, ambayo kwa uso mmoja haifiki dakika tano, ndiyo inayomfanya mtu aonekane ameketi motoni.

Wengine wakisikia mwanga wa moto hutoka chini hupaka kidevu na tundu za pua tu, na kila mtu anaonekana kama shetani wa kwenye filamu. Pima kwanza. Kitovu cha mwanga wa moto mdogo kiko sentimita 30 au 40 juu ya ardhi. Uso wa mtu aliyekaa uko karibu sentimita 90. Akiwa mita moja na nusu kutoka motoni, mwanga unampanda kwa nyuzi 20 tu hivi, karibu uso kwa uso. Mashavu yake yote ya mbele hupata mwanga. Kilichopungua ni utosi na sehemu ya juu ya paji. Anayeonekana wa kutisha ni aliyesimama, maana uso wake uko juu ya mita moja na nusu na mwanga unampanda kwa mwinuko mkali. Yeye miguu yake ndiyo inayong'aa zaidi.

Kijana aliyeipa kamera mgongo hapakwi mgongoni hata kidogo. Anabaki kivuli cheusi chenye mstari mwembamba wa mwanga ukingoni mwa mashavu, masikio na mabega. Usiogope kumwacha gizani. Yeye ndiye anayeonyesha moto uko wapi kuliko mwingine yeyote.

Macho yanataka uangalizi wa karibu. Kwenye mboni za vijana wale kulikuwa na nukta nyeupe za tochi, kidogo kushoto mwa katikati. Ukizikuza kwa asilimia 400 unaziona wazi. Nilizifuta na kuweka nukta ndogo za chungwa chini ya katikati ya kila mboni, upande uliotazama kuni. Kwenye miwani ya yule dada niliweka mwali mdogo uliopinda kufuata kioo, nikaupunguza nguvu hadi karibu robo.

Umbali na ardhi

Mwanga wa moto hupungua haraka kuliko watu wanavyofikiri. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaomfikia mtu unabaki robo. Kijana wa fulana nyeupe alikaa mita moja na nusu kutoka kwenye kuni, na wenzake wawili wa nyuma mita tatu. Wanastahili robo ya mwanga wake. Ila namba za skrini hazihesabu mwanga moja kwa moja. Robo ya mwanga huonekana kwenye skrini kama namba iliyo karibu na nusu. Shavu la mbele likiwa 170, lile la nyuma liwe karibu na 90. Na kwa mtu mmoja tofauti hiyo ipo pia: magoti na viganja vilivyonyooshwa kuelekea moto ving'ae kuliko uso. Mhariri asiyejali hili huwapa watu wote mwanga sawa, na matokeo yake ni kundi linaloonekana limeketi chini ya taa ya chungwa.

Kwenye ardhi, kosa kubwa ni duara. Mwanga unaozunguka moto kweli ni duara, lakini kamera hailioni kutoka juu. Kwa kimo cha mita moja na nusu na umbali wa mita tano, duara hilo linabonyea na kuwa yai la mlalo ambalo urefu wake kwenda juu ni kama asilimia 30 tu ya upana wake. Ukichora mfifio wa mviringo kwenye maski, ubonyeze kwa kiasi hicho kabla ya kuendelea. Ukiusahau, mwanga unaonekana kama ukuta wa chungwa uliosimama nyuma ya kuni.

Halafu nenda karibu. Ardhi haiko bapa. Moto uko chini, kwa hiyo mwanga wake unasafiri karibu sambamba na ardhi, na kila jiwe, kila shada la nyasi, kila kiatu kinapata upande mmoja wenye mwanga na kivuli kirefu upande wa pili. Vivuli hivyo vyote hukimbia kutoka kwenye moto kwenda nje, kila kimoja na mwelekeo wake. Kwenye picha ile nilichukua brashi nyembamba nyeusi kwenye maski na kurudisha kivuli nyuma ya kila jiwe la duara la moto, nyuma ya sufuria iliyoachwa pembeni, na nyuma ya viatu vya wote waliokaa. Nyasi sikuzichora moja moja. Nilipitisha viboko vifupi vilivyoanzia kwenye kuni kwenda nje, nikakoleza vile vya karibu na kuvifisha vya mbali. Mita tatu kutoka kwenye moto ardhi ilikuwa imerudi gizani, hema la nyuma likabaki na wekundu wa mbali tu kwenye mkunjo wake wa mbele.

Sasa moto

Ndimi za moto zinakuja mwisho, na ndizo rahisi. Unahitaji picha ya moto iliyopigwa usiku, nyuma yake pakiwa peusi, na ni vizuri ukaipiga mwenyewe. Kwenye simu, gusa mwali kwenye skrini kisha shusha mwangaza mpaka ndimi zionekane na rangi na mistari yake, zisiwe doa jeupe tupu. Simu iwe kwenye kimo kilekile cha picha ya kundi. Moto uliopigwa ukiwa umechuchumaa, ukiuweka kwenye picha iliyopigwa ukiwa umesimama, utaelea juu ya kuni zake.

Iweke picha hiyo juu ya zote kwa modi ya `Screen`. Modi hii huondoa weusi na kubakiza mwanga, kwa hiyo huhitaji kukata ukingo wa mwali hata mara moja. Sharti ni kwamba weusi uwe weusi kweli. Mara nyingi nyuma ya moto kuna kijivu cha moshi kisichoonekana kwa macho, na kwenye picha mpya kitatokea kama sanduku hafifu. Fungua `Levels` na usogeze kialama cheusi ndani, hadi 15 au 20, mpaka sanduku lipotee. Kuhakikisha, ng'arisha picha nzima kwa muda na utafute kingo zilizonyooka. Ukiona hata moja, bado.

Kwa kuwa `Screen` haibebi weusi, haiwezi kukuletea magogo. Magogo yatoke kwenye picha yenyewe, na yale yaliyo mbele ya mwali yakatwe na kuwekwa juu ya leya ya moto, yakiwa meusi na yenye kingo nyekundu. Mwali uliozama katikati ya kuni, nyuma ya gogo moja na mbele ya jingine, huaminika mara moja. Ukiulaza juu ya kuni zote, unaonekana umebandikwa.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Simu ikiwa kwenye modi ya usiku huchukua mwanga kwa sekunde moja, mbili au zaidi. Kwa muda huo moto halisi ungeyumba, na kwenye picha ungetoka laini kama kitambaa cha hariri, bila ncha kali. Ukipachika mwali uliogandishwa kwa kasi ya 1/250 ya sekunde, kila ulimi ukiwa na ukingo wake, unakuwa na saa mbili tofauti kwenye picha moja. Tafuta moto uliopigwa kwa muda unaofanana, au ulainishe ule ulionao kwa `Motion Blur` ya wima. Vivyo hivyo kwa chengachenga za gizani ambazo kila picha ya simu ya usiku huwa nazo: picha ya kundi inazo na moto ulio safi hauna, basi uongezee kwa `RGB Noise` mpaka vilingane. Mwisho, nakili leya ya moto, ifukize sana kwa `Gaussian Blur`, ishushe hadi asilimia 25, na utapata ule ukungu wa mwanga unaouzunguka moto hewani. Cheche chache zinatosha. Nikiona picha yenye cheche mamia juu ya kimoto cha kuni tatu, siendelei kuitazama.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni kuizima leya ya moto kabisa na kumwita mtu ambaye hajaiona picha. Muulize moto uko wapi. Akiweka kidole kwenye rundo la kuni bila kusita, mwanga wako uko sawa na mwali wowote utakaouweka utakubalika. Akisitasita, rudi kwenye maski; tatizo haliko kwenye mwali.

Kama picha bado haijapigwa, kazi hii yote hupungua kwa kiasi kikubwa. Weka taa ya sola au tochi ya simu chini, mahali hasa ambapo moto ungekuwa, ielekee juu, na uifunike kwa karatasi ya chungwa inayopitisha mwanga. Zima tochi nyingine zote. Nyuso, vivuli vya mawe, mstari wa mwanga kwenye mabega ya aliyegeuka, vyote vitajipanga vyenyewe, na kitakachobaki ni kuifuta taa na kuweka ndimi.

Picha ya namna hii ni ya ukumbusho, na ibaki huko. Mashindano ya picha za habari kama World Press Photo hayaruhusu kuongeza kitu ambacho hakikuwepo mbele ya kamera, na gazeti makini haliruhusu pia. Zaidi ya hapo, kuna maeneo ambako moto wenyewe ni kosa. Kwenye Mlima Kilimanjaro, ambao Oktoba 2020 uliunguzwa na moto mkubwa wa nyika, wapandaji hawaruhusiwi kuwasha moto wa kuni kambini. Ukimwekea mtu moto kwenye picha ya kambi ya huko, unaweza kumtia mashakani mwongoza watalii ambaye hakuwasha hata kiberiti. Mimi kazi hiyo huikataa.

Na kwa wewe unayemletea fundi picha ya usiku, nina ombi moja. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Programu hiyo huibana picha ili iwe nyepesi, na sehemu za giza ndizo zinazoumia kwanza: zinageuka vijisanduku vidogo ambavyo huvioni mpaka mtu atakapojaribu kuziinua nyuso kutoka gizani. Fundi akiviona vijisanduku hivyo kwenye shavu, hakuna brashi itakayoviondoa. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua `Document`, ndipo uichague picha yako hapo. Itafika kama ilivyotoka kwenye simu.